Jinsi ya kuchonga ndevu kama taya yako haionekani vizuri au ndevu zimeota kwa mabaka

Wakuu, hii mada nimeiweka moyoni muda mrefu maana nanyoa watu karibu kila siku na kosa naloliona ni lile lile. Mtu ana kidevu kilichorudi nyuma kidogo, au ana nyama chini ya kidevu, anaachia ndevu ili zimsaidie, zikishaota vizuri anaenda kuchongwa, laini ya shingo inapigwa juu kabisa pale kwenye mfupa wa taya, na anatoka pale uso umekuwa mviringo kuliko alivyoingia. Alafu anaamini ndevu hazimpendezi, kumbe ndevu hazina kosa, kosa ni laini.

Ntaeleza kwa kufuata kichwa kimoja ambacho nilikifanya mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, cha mdogo wangu. Ana miaka 27, uso wa duara, kidevu ukimwangalia kwa pembeni kinaishia nyuma ya mdomo, na ndevu zake kidevuni zimejaa ila mashavuni ni za kuhesabu, alafu kona ya mdomo upande wa kulia kuna kaupenyo ambapo sharubu haziungani na ndevu za kidevu. Yaani matatizo yote mawili kwa mtu mmoja. Alinijia akiwa ametoka kunyolewa mahali, laini iko juu ya taya, akaniambia "Kaka, mi naona bora nitoe zote tu." Nikamwambia asiguse kitu wiki nne.

Kwanza, acha ziote

Wiki nne, na ndani ya hizo wiki usipige laini yoyote, shingo wala shavu. Najua inakera, wiki ya pili utaonekana mchafu na watu watakuuliza kulikoni. Ila ndevu zinaota kama sentimita moja kwa mwezi, kwahiyo kabla ya hapo huna urefu wa kuchezea, na pia huwezi kujua baka lipi ni baka kweli na lipi ni nywele zilizochelewa. Zipo sehemu zinazoanza kuonekana wiki ya tatu, hasa mashavuni. Kama we ni kijana wa miaka 20 au 22 jua pia kwamba wengi mashavu yanaendelea kujaa hadi kwenye miaka 30 hivi, so unachochonga leo ni cha leo.

Ikifika mwisho wa wiki ya nne, osha ndevu, kausha kabisa, zichane, alafu piga picha tatu, moja mbele na mbili pembeni, simu iwe usawa wa macho, mwanga utoke mbele yako kama dirishani, sio taa ya juu. Taa ya juu inaweka kivuli chini ya kidevu na inakudanganya kwamba taya ipo. Zile picha ndo ramani yako, hasa ya pembeni ambayo kwenye kioo hujawahi kuiona vizuri.

Angalia mabaka kwa karibu. Kama kuna sehemu ina nywele nyembamba au chache, hiyo tunaweza kucheza nayo. Kama ngozi ni tupu kabisa haina hata kinywele, hiyo inafunikwa au inaachwa nje ya laini. Na kama ni duara laini kama sarafu ambalo zamani lilikuwa na ndevu na sasa zimedondoka, au pana magamba, linawasha, limevimba, hapo weka mashine chini uende kwa daktari wa ngozi. Hilo la duara linaweza kuwa mwili wenyewe unashambulia mashina ya nywele, na lenye magamba linaweza kuwa fangasi, na fangasi ukipitisha mashine juu yake unaisambaza uso mzima na kumpelekea mwingine atakayetumia mashine hiyo hiyo.

Laini ya shingo, hapa ndo pa kutulia

Kinachofanya taya ionekane ni kivuli. Mtu mwenye taya kali, mfupa wake unaweka kivuli shingoni. Wewe ambaye mfupa hauonekani unahitaji nywele zilizoko CHINI ya taya zifanye kazi ya kile kivuli, zile zilizojificha pale kidevu kinapogeuka kuwa shingo. Ukizinyoa hizo, ngozi na nyama vinabaki wazi na vinapata mwanga, na jicho linaona uso na shingo vimeungana. Ndo maana laini ya juu ya mfupa inaharibu watu.

Sasa laini inapita wapi. Weka vidole viwili vimelala, kidole cha shahada na cha kati, juu tu ya kongomeo, kile kifupa kinachopanda na kushuka ukimeza mate. Ukingo wa juu wa kidole cha juu ndo sehemu ya katikati ya laini yako. Kutoka hapo inapanda taratibu kwa kujikunja kuelekea nyuma ya kona ya taya, alafu inakwenda kuishia nyuma ya ncha ya chini ya sikio. Fikiria bakuli la kina kidogo, sio herufi V na sio mstari ulionyooka. Ikijikunja ikapita mbele ya kona ya taya umeshaipoteza ile kona, na kwa mtu wa uso wa duara ile kona ndo mali yake yote.

Kosa la pili hapa ni mkao. Watu wanainua kidevu juu ili waone shingo, wanachora laini, wanashusha kichwa, laini inaonekana iko sehemu nyingine kabisa. Ngozi ya shingo inavutika sana. Kwahiyo chora ukiwa unatazama mbele, kichwa usawa, kwa penseli ya wanja au kalamu yoyote inayofutika. Nukta moja katikati, nukta moja nyuma ya kila kona ya taya, alafu unganisha. Geuza uso kulia na kushoto, piga picha ya pembeni tena, ukiridhika ndo unainua kichwa na kunyoa kilicho chini ya mstari. Mdogo wangu nilichora mara tatu, ya kwanza ilikuwa juu mno kwasababu alikuwa ananisaidia kwa kuinua kichwa bila mi kujua.

Ukiwa huna uhakika weka laini chini zaidi, nusu sentimita hivi. Ya chini unaipandisha kesho, ya juu unaisubiri wiki mbili.

Chini ya laini usipige wembe kama nywele zako ni za kujikunja. Zikikatwa chini kabisa zinarudi kuingia ndani ya ngozi na kutoa vile vipele vya shingo, na vipele vinaharibu muonekano kuliko ndevu zenyewe. Mashine tupu bila kichana inatosha, inaacha vinywele vya nusu milimita hivi, kwa mbali pako safi.

Urefu: kidevuni ndefu, pembeni fupi

Kwenye vichana vya mashine vingi namba 1 ni milimita 3, namba 2 ni 6, namba 3 ni kama 10, namba 4 ni kama 13. Ila hakikisha kwenye kichana chako kimeandikwa nini maana trima ndogo za ndevu mara nyingi namba zake ni milimita zenyewe, mtu anaweka 3 akidhani ni namba 3, shavu linaisha hapo hapo.

Nyoa ndevu zikiwa kavu. Zikilowa zinalala na kuvutika, unakata unaona sawa, zikikauka zinajikunja na kupanda na unakuta zimekuwa fupi kuliko ulivyotaka. Na anza na kichana kirefu kuliko unachofikiria.

Kwa mdogo wangu nilianza namba 4 uso mzima, nikifuata zinakoelekea nywele, yaani juu kwenda chini. Kufuata nywele kunaacha urefu zaidi, ukienda kinyume na kichana hicho hicho zinatoka fupi zaidi, kwahiyo amua njia moja na uitumie pande zote mbili. Hapo lengo ni kusawazisha tu, kutoa zile zilizochomoza.

Baada ya hapo kidevu sikukigusa tena, kikabaki 13. Sehemu ya kutoka kona ya mdomo kwenda kona ya taya nikapita namba 3. Shavu juu ya hapo namba 2. Sharafa, zile za mbele ya sikio, namba 1, zikapotelea kwenye nywele za kichwa kwa fedi. Kona yenyewe ya taya nikaiacha 10 kama sehemu ya chini, sikuilainisha, kwasababu ukiizungusha pale uso unarudi duara.

Kati ya namba mbili utaona ngazi. Kuiondoa tumia kichana cha katikati kama unacho, au ushike kile kifupi na unapofika kwenye mpaka uvute mkono kwa nje kama unachota kitu, usiendelee kusukuma juu. Dakika mbili tatu za kuvuta vuta hivyo, ngazi inapotea.

Kidevuni kwa chini, watu wenye kidevu kifupi huwa wanataka ncha. Usifanye. Ncha inashusha jicho kwenye kitu chembamba na kidevu kinaonekana kidogo zaidi. Kata chini iwe bapa, upana ulingane takriban na upana wa mdomo, kona zake ziwe na umraba kidogo. Na ukitazama kwa pembeni ziache za mbele zitokeze, yaani zile za mbele kabisa ya kidevu ndo ndefu kuliko zote, kwasababu kinachokosekana ni kidevu kwenda mbele, sio kwenda chini. Hii tofauti wengi hawaijui. Ndevu ndefu za kuning'inia zinarefusha uso ila kwa pembeni kidevu kinabaki kule kule nyuma.

Alafu sharubu. Hapa ni kitu ambacho nilikuja kukijua baada ya kukosea kwa watu kadhaa na kinaniuma bado. Sharubu nene zinajaza mdomo wa juu mbele, na mdomo wa juu ukijaa, kidevu kilichorudi nyuma kinaonekana kimerudi zaidi. Kwahiyo sharubu ziwe fupi kuliko kidevu, milimita 4 au 5, na zisiangukie mdomoni. Mdogo wangu nilipomshushia sharubu peke yake, kabla sijakata kidevu bapa, kwa pembeni alishabadilika.

Sasa mabaka

Jicho halioni baka, linaona tofauti kati ya penye weusi na pasipo na weusi. Kwahiyo kazi yako ni kupunguza ile tofauti. Penye nywele nyingi panakatwa fupi, penye nywele chache panaachwa ndefu kidogo, mpaka rangi zikaribiane. Watu wengi wanafanya kinyume, wanazinyoa zile chache kwa kuona haya alafu wanaziachia zile nyingi, na baka linapiga kelele.

Shavu la mdogo wangu lilikuwa na zile za kuhesabu juu kuelekea kwenye mfupa wa shavu, kama kumi hivi kila upande, na chini yake ndo zinaanza kushikana. Zile za juu hazikuwa na maana, hazitengenezi rangi. Nikaishusha laini ya shavu mpaka pale zinapoanza kushikana, kutoka chini ya sharafa kwenda kona ya sharubu kwa mkunjo mdogo. Muhimu, upande ulio dhaifu ndo unaoamua. Kwake kulia ndo kulikuwa dhaifu, kwahiyo kushoto japo zilipanda juu vizuri tukazishusha zilingane. Alilalamika kidogo, maana zile za kushoto alikuwa anazipenda, ila pande mbili zisipolingana kila anayekutazama anatafuta kilichokosekana.

Usiishushe laini ya shavu mpaka chini ya usawa wa mdomo lakini, hapo ndevu zinabaki kamkanda kembamba kwenye taya na kamkanda kanachora umbo la taya kama lilivyo, kitu ambacho ndo tulikuwa tunakikimbia. Kama mashavu yako ni tupu kiasi hicho, acha pembeni kabisa ubaki na mzuzu na sharubu, upana wa kutosha, na zile za chini ya kidevu zibaki. Kwa kidevu kifupi mzuzu mzuri unafanya kazi kubwa tu.

Baka likiwa katikati, sio juu, angalia nywele zako. Kama ni za kunyooka au mawimbi, ziache zile zilizo juu ya baka ziwe na urefu wa kulivuka, zichane kwenda chini zilalie. Baka la upana wa sentimita moja linahitaji nywele za juu yake kama sentimita moja na nusu. Kama nywele zako ni za kipilipili mbinu hii haikubali, hazilali, zinasimama na baka linakuwa shimo lenye kingo. Hapo njia ni fupi, milimita 3 mpaka 5 mashavu yote, na zinazozunguka baka ushushe hatua moja zaidi ili ukingo usiwe mkali. Sentimita moja kila upande, kidogo kidogo, unaangalia kwa kurudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye kioo. Kwa karibu kila mtu ana mabaka, na hakuna anayekuangalia kwa karibu hivyo.

Kale kaupenyo ka kona ya mdomo ni kawaida sana, wanaume wengi sharubu haziungani na ndevu. Nilichofanya, sharubu zake zote nilizishusha milimita 4 ila ncha ya kulia nikaiacha kama 8, nikaichana kwa chini na nje kwa kamafuta kidogo ikagusa ndevu za kidevu. Na ya kushoto nikaiacha hivyo hivyo zilingane. Zake sio za kujikunja sana ndo maana zilikubali. Zingekuwa za kipilipili ningeacha upenyo uwepo na kuusafisha pande zote mbili uonekane umepangwa.

Wanja na rangi, kwa kifupi. Penseli ya wanja ya rangi ya ndevu zako inaziba baka kwa picha, ukitoka jasho au ukijifuta na taulo inaondoka, na kwenye baka tupu kabisa inaonekana imechorwa maana hakuna nywele ya kuchanganyika nayo. Rangi ya nywele inasaidia zile nyembamba zenye weupe weupe zionekane, ila jaribu kwanza tone nyuma ya sikio au kwenye kiwiko usubiri siku mbili, rangi nyeusi zinaweza kuunguza ngozi ya uso vibaya sana.

Utajuaje imekaa

Piga zile picha tatu tena, mwanga ule ule, uzilinganishe na za mwanzo. Kwa mbele, angalia kama upande wa uso ni mwembamba zaidi juu na kona za taya zinaonekana. Kwa pembeni, shika kitu kilichonyooka kama rula kwenye picha kutoka mdomo wa chini kwenda chini wima. Kabla, kidevu cha mdogo wangu kiliishia nyuma ya rula. Baada, ndevu za mbele zilikuwa zinaigusa. Hiyo ni kama sentimita moja ya kidevu ambacho hakipo.

Ukiona uso umekuwa mpana, pembeni ni ndefu mno, shusha namba moja mashavuni na kwenye sharafa tu. Ukiona kidevu kinaning'inia, za chini zimezidi, kata bapa tena. Ukiona upande mmoja umekuwa mfupi, na hii hutokea kwa kila mtu, usiufukuze kwa kukata mwingine kisha kurudi kwa wa kwanza, utamaliza ndevu zote. Sawazisha mara moja, kikibaki kidogo weka mashine chini usubiri siku tano, zitakuwa zimeongezeka milimita moja na nusu au mbili na utakuwa na nafasi ya kurekebisha.

Kuna mipaka pia. Nyama nyingi chini ya kidevu inafichika ukitazamwa kwa mbele na kwa pembeni, ukitazamwa kwa chini itaonekana tu. Na ndevu zikizidi sentimita mbili pembeni zinaanza kutanuka, zinaurudisha uso kwenye duara, kwahiyo kwa shepu hii urefu unaongezwa kidevuni peke yake.

Kuitunza ni hivi: shingo kila siku tatu au nne kwa mashine tupu, ukifuata laini ile ile, usiipandishe hata kidogo, maana kila ukinyoa mkono unapanda milimita na baada ya mwezi uko juu ya mfupa tena. Mi nampigia mdogo wangu vidole viwili upya kila mara ya tatu. Mashavu na sharubu kila siku 10 mpaka 14. Kidevu mara moja kwa mwezi, ncha tu. Meno ya mashine pangusa kwa spiriti kabla na baada, hata kama unaitumia peke yako.

Mara ya mwisho nimemnyoa alikuja na picha yake ya pembeni kwenye simu, ameipiga mwenyewe, akaniuliza tuongeze kidevu kifike 16. Tukaongeza mpaka 16, tukashusha sharafa ziwe milimita moja na nusu, na pale kulia shavuni kuna nywele mpya tano sita zimeanza kuota chini ya laini, hizo nimemwambia asiziguse.